Mifuko 11 ya saruji iliyolala chini ya sakafu

Saruji iliyotumika saiti ikizidi mpango, wa kwanza kutazamwa ni mtunza stoo, wa pili ni fundi. Dereva wa lori la mawe hatazamwi na mtu, maana mawe yalishamwagwa mwezi uliopita, yakapangwa, yakafunikwa, na delivari noti yake ilisainiwa bila neno. Mimi kazi yangu ni kukaa na karatasi za vifaa za miradi midogo huku Kigoma, madarasa na nyumba za walimu kwa sehemu kubwa, na nimefika mahali ambapo saruji ikizidi naanza kwa kufungua ukurasa wa mawe.

Niieleze karatasi yenyewe kwanza, kwa kifupi, kwa sababu wengi wanaifahamu kwa nusu. Ni jedwali lenye mstari mmoja kwa kila kifaa ndani ya kila kazi. Saruji ya msingi ina mstari wake, saruji ya jamvi mstari wake, saruji ya kuta wake. Upande wa safu unaandika kilichopangwa, kilichoagizwa, kilichopokelewa, kilichotoka stoo, kisha kilichotumika. Saiti nyingi zinaunganisha hizo mbili za mwisho kuwa moja, na hapo ndipo karatasi inapokufa. Kilichotoka stoo unakipata kwenye leja. Kilichotumika unakipata kwa tepu, kwa kupima kazi iliyosimama na kuuliza: kazi ya ukubwa huu inakula kiasi gani? Ukinakili namba ya leja kwenye safu ya matumizi, tofauti itakuwa sifuri siku zote, hata kama nusu ya saruji ililala kwa jirani.

Sasa kisa. Ni madarasa mawili pembezoni mwa Ujiji, upande wa kuelekea bonde la Luiche, yaliyojengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti. Kwa asiyeujua utaratibu huo: hakuna mkandarasi, shule inanunua vifaa yenyewe na kumlipa fundi kazi ya mikono, na wananchi na walimu wanakaa kwenye kamati tatu, ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Kila darasa lilikuwa mita 9 kwa 7 ndani, na kazi iliyoleta maneno ilikuwa jamvi, yaani zege la sakafu lenye unene wa sentimita 10 juu ya mawe yaliyoshindiliwa.

Hesabu ya mpango ni rahisi. Vyumba viwili vina mita za mraba 126. Kwa sentimita 10 unapata kyubiki, yaani mita za ujazo, 12.6 za zege. Mchanganyo ulikuwa moja kwa mbili kwa nne: saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Kyubiki moja ya zege lililokwisha kushindiliwa inameza kama kyubiki 1.54 za vitu vikavu, kwa sababu mchanga unajaza mianya ya kokoto na saruji inajaza mianya ya mchanga. Ukigawanya kwa saba, sehemu ya saruji inakuja kuwa kyubiki 0.22, yaani kilo 317 hivi, sawa na mifuko 6.3 ya kilo 50. Kwa hiyo jamvi lote lilihitaji mifuko 80 baada ya kuzungusha juu. Tukaongeza kama asilimia 6 ya upotevu na kuagiza 85.

Ikapokelewa 83. Miwili ilikuwa imepasuka njiani na imeshika unyevu hadi ikawa na mabonge yasiyovunjika kwa vidole. Saruji inayofika Kigoma imesafiri, iwe kwa treni ya reli ya kati au kwa lori, imepakuliwa na kupakiwa zaidi ya mara moja, na mfuko wa karatasi una uvumilivu wake. Kamati ya mapokezi ilifanya vizuri kuikataa miwili hiyo palepale na kuandika 83 kwenye karatasi, ingawa delivari noti ilisema 85.

Jamvi lilipokamilika, leja ya stoo ilisoma mifuko 95.

Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mzee mstaafu wa bandarini, aliniita pembeni chini ya mwembe na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hebu niambie, tulipokea 83, zimetumikaje 95? Na mpango ni 80. Hizo 15 zimekwenda wapi?" Swali la kwanza lilikuwa na jibu jepesi. Mtunza stoo alikuwa amechukua mifuko 12 kutoka shehena ya kuta, saruji ilipopungua katikati ya kumwaga, na hakuna fundi anayesimamisha zege katikati ya chumba akisubiri lori. Alichofanya ni sahihi. Kilichobaki ni kuiandika kama hamisho, 12 ziondoke kwenye mstari wa kuta na ziingie kwenye mstari wa jamvi, la sivyo kuta zitakuja kuonekana zimekula mifuko 12 ambayo hazikuionja, na mtu mwingine atalaumiwa mwezi ujao.

Swali la pili ndilo lenyewe.

Kabla ya kumwaga jamvi huwa namwomba fundi avute kamba kwenye usawa wa sakafu iliyokamilika, ukuta hadi ukuta, kisha napima kwa rula kutoka kwenye kamba kushuka hadi kwenye uso wa mawe. Sehemu tisa kila chumba, tatu kwa tatu, kama unavyogawa shamba la mahindi. Kazi hiyo inamalizika fundi akiwa bado anapanga mbao na vijana wanachota maji. Usipoipima wakati huo umeikosa, kwa sababu zege likishamwagwa unaona uso wake tu, na kuitoboa sakafu mpya ya darasa ili ujue unene ni jambo ambalo mwalimu mkuu hatakuruhusu, na ana haki.

Kwenye pembe za vyumba rula ilisoma 10, mahali pengine 10 na nusu. Kwingine, hadi katikati ya vyumba, ilisoma 12 na 13. Wastani wa sehemu zote 18 ulikuwa sentimita 11.5. Fundi alikuwa ameliona. Aliniambia, "Hapa katikati mawe yamelala, lakini mawe yameisha, bosi, na zege lazima lifike kwenye kamba." Ni kweli, sakafu lazima iwe sawa juu, kwa hiyo shimo lililoko chini linajazwa na zege.

Fanya hesabu tena kwa unene uliopimwa. Mita za mraba 126 kwa sentimita 11.5 ni kyubiki 14.5 za zege, na kwa mifuko 6.3 kila kyubiki unapata 91. Iliyotoka stoo ni 95. Basi kati ya zile 15 za mzee, 11 ziko sakafuni kwa sababu ya unene, na 4 ni upotevu wa kawaida: iliyomwagika kwenye kuchanganyia, iliyobaki kwenye toroli, iliyopeperushwa na upepo wa ziwani. Nne kwa 91 ni chini ya asilimia 5. Hakuna aliyeiba.

Mstari wa karatasi ulikaa hivi:

| Jamvi: saruji | Mifuko |
|---|---|
| Iliyopangwa | 80 |
| Iliyoagizwa | 85 |
| Iliyopokelewa | 83 |
| Hamisho kutoka kuta | 12 |
| Iliyotoka stoo | 95 |
| Iliyotumika kwa kipimo cha kazi | 91 |
| Upotevu | 4 |

Kwenye sakafu ya ukubwa huo, sentimita moja ya unene ni mifuko 8. Naomba msomaji aikumbuke namba hiyo, maana inakata pande mbili. Inamwokoa mtunza stoo, na pia inatuzuia tusijifanye tunajua zaidi ya tunavyojua. Rula juu ya mawe yenye mabonde haiwezi kuaminiwa chini ya milimita 3, na milimita 3 hapo ni zaidi ya mifuko 2. Kwa hiyo ukikuta karatasi imezidi mifuko miwili au mitatu, usimwite mtu mwizi. Kipimo chenyewe hakioni hadi huko. Ikizidi kumi na unene haujabadilika, hapo kaa na watu mzungumze.

Sasa mawe. Tabaka la mawe lilipangwa kuwa sentimita 15 baada ya kushindiliwa, ambayo kwa sakafu hiyo ni kyubiki 18.9. Mawe yaliyolegea yakishindiliwa yanapungua, nami huwa nahesabu 1.25 ya mawe yaliyolegea kwa kila 1 iliyoshindiliwa. Inakuja karibu kyubiki 24, na kwa bei ya soko tripu moja inauzwa kama kyubiki 6. Tuliagiza tripu 4. Zikafika tripu 4. Kwenye karatasi ya kamati mstari ulisomeka nne, nne, tofauti hakuna, na kila mtu akasaini kwa moyo mweupe.

Tripu si kipimo. Ni safari ya lori. Body ya lori lile ilikuwa mita 4 kwa 2 ndani, ubao wa pembeni sentimita 75, na ikijaa hadi ukingoni ni kyubiki 6 kamili. Lakini mawe yanapakiwa kwa mikono kutoka pembeni, yanafanya kichuguu katikati na pembe nne zinabaki wazi, halafu barabara inayatikisa na yanashuka. Kijana wa kamati ya mapokezi nilikuwa nimemwomba ashushe rula kutoka ukingo wa ubao kwenye pembe nne na katikati, kwa kila lori, kabla halijamwaga. Aliandika namba zake nyuma ya delivari noti kwa kalamu ya risasi na hakuna aliyezigeuza kuzisoma. Wastani wa kina ulikuwa sentimita 67.5. Pungufu ya sentimita 7.5, upana wa vidole vinne, kitu ambacho ukisimama chini ya lori na kutazama juu huwezi kukiona.

Vidole vinne hivyo vinageuza kyubiki 6 kuwa 5.4. Kwa tripu nne tulipokea 21.6 badala ya 24. Ukizishindilia unapata tabaka la sentimita 13.7 badala ya 15, na pengo la sentimita 1.3 limebaki wazi. Zege ndilo lililolijaza. Rula ilionyesha pengo la 1.5, kwa hiyo karibu lote linaelezeka kwa lori. Hizo milimita 2 zilizobaki ni moramu iliyosogea au ni rula yenyewe, na sizigombanii.

Tazama mzunguko wake. Tulipungukiwa kyubiki 2.4 za mawe, chini ya nusu tripu, kifaa cha bei nafuu kuliko vyote saitini. Tukalilipa pengo kwa mifuko kumi na kitu ya saruji pamoja na mchanga na kokoto zake, vifaa vya bei kubwa. Kelele ikatokea kwenye mstari wa saruji, na aliyesababisha yuko mistari sita juu yake, kwenye kazi nyingine, akiwa na tofauti sifuri. Ndiyo maana karatasi inayojumlisha saruji yote ya mradi kwenye mstari mmoja haisaidii kitu. Ingesema saruji imezidi, basi. Isingekuambia imezidi kwenye kazi gani, na usingejua ukapime wapi.

Kuna sababu nyingine inayopaswa kutolewa njiani kabla ya kuhukumu mawe, nayo ni mchanga uliolowa. Mchanga wenye unyevu kidogo unavimba, punje zinashikana na maji na kuachana nafasi, na ujazo unaweza kuongezeka hata robo. Fundi anayepima kwa toroli hupata mchanga pungufu kwa kila mfuko wa saruji, kwa hiyo kila mfuko unazaa zege dogo kuliko ulivyohesabiwa, na mifuko inakwisha kabla ya chumba. Kuupima ni rahisi: jaza mchanga wa saiti kwenye chupa iliyokatwa juu bila kuushindilia, hadi urefu wa sentimita 20, uutoe, tia maji hadi nusu, kisha rudisha mchanga wote taratibu huku ukikoroga. Ukishuka hadi 16, mchanga wako umevimba robo nzima, na unapaswa kuongeza kipimo chake kwa kiasi hicho. Huku kwetu kipimo hiki kinahitajika mvua zikishaanza, kuanzia Oktoba au Novemba. Jamvi letu lilimwagwa Septemba, mchanga ulikuwa mkavu wa kumwagika kati ya vidole, chupa ilishuka kiasi kisichofaa hata kuandikwa. Mchanga ukaachiliwa huru.

Nondo sitazisemea sana. Zinahesabika, zinapimika, na tatizo lake kubwa ni vipande vinavyobaki baada ya kukata, ambavyo visiporudishwa stoo na kuandikwa, vinaishia kwenye lango la mtu. Pima urefu wa moja au mbili zinapofika. Inatosha.

Kuna hali inayonitisha kuliko saruji kuzidi. Chukua sakafu hiyohiyo, unene uliopimwa sentimita 11.5, halafu leja inasema mifuko iliyotoka ni 80 kamili kama mpango. Kamati ingepiga makofi. Lakini 80 ukiigawa kwa kyubiki 14.5 unapata mifuko 5 na nusu kwa kila kyubiki, si 6.3. Maana yake fundi aliona pengo, akaogopa kuulizwa habari ya saruji, akanyoosha mchanganyo kwa kuongeza mchanga na kokoto. Fedha haijapotea hata senti, na sakafu itaanza kutoa vumbi chini ya madawati kabla ya miaka mingi. Karatasi yenye safu ya kipimo cha kazi inaliona hilo. Karatasi ya leja peke yake inalisifia. Ndiyo sababu nyingine sipendi kamati zinazomtisha fundi kwa mifuko miwili: zinamfundisha kuchezea mchanganyo.

Mara nyingi naulizwa kuhusu kuhesabu mifuko mitupu. Hesabuni, haigharimu kitu, na ikipungua chini ya leja ni ishara kwamba kuna mfuko uliotoka ukiwa umejaa. Ila mfuko mtupu unaweza kuletwa kutoka saiti nyingine, na watoto wa mtaani wanaubeba kwenda kufunikia daftari na kuwashia moto. Ushahidi wake ni wa kuongezea tu.

Kwa wanaotumia kompyuta au simu kuandika jedwali hili, fomula zinazohitajika ni mbili. Ikiwa E ni iliyopokelewa, F hamisho, likiwa la kutoka liandikwe kwa alama ya kutoa, G iliyotoka stoo na H iliyotumika kwa kipimo cha kazi, basi salio la stoo na upotevu wa kazi ni:

```
=E2+F2-G2
=(G2-H2)/H2
```

Ya kwanza lazima ilingane na mifuko unayoiona kwa macho stoo, kila Jumamosi kabla ya malipo ya mafundi. Kwa jamvi letu ilitoa 83 jumlisha 12 toa 95, yaani sifuri, na kweli stoo ya jamvi ilikuwa tupu. Ya pili ilitoa 0.04, yaani kama asilimia 4.

Tulivyomaliza na mwenye lori: alikuwa bado hajalipwa tripu mbili za mwisho. Kamati ya manunuzi ilimwonyesha namba za kalamu ya risasi, akabisha kidogo, akapanda mwenyewe na tepu kwenye lori lililokuwa limekuja na mchanga siku hiyo, akashuka akicheka. Akalipwa kyubiki 21.6. Oda zote baada ya hapo ziliandikwa kwa kyubiki, na maneno "kipimo kitachukuliwa saiti kabla ya kumwaga" yakaingia kwenye oda. Saruji iliyomezwa na pengo hatukumdai. Mzee mwenyekiti alitaka, lakini pengo hilo tungeweza kuliona siku tunashindilia mawe, kamba ilikuwepo, na tripu moja ya mawe ingelifunga.

Kazi inayofuata ni plasta, na mstari wake nimeshaufungua kabla ya mfuko wowote kuagizwa. Kuta ni za tofali za kuchoma, na tofali za kuchoma za huku hazifanani ukubwa hata zikitoka tanuru moja. Fundi huweka uso mmoja wa ukuta sawa kwa kamba, na uso wa pili unabeba tofauti zote. Uso ulionyooka umetazama nje. Ndani tuna mita za mraba 160 za kupiga plasta baada ya kutoa milango na madirisha. Mpango wa awali ulisema milimita 15, moja kwa nne, ambayo pamoja na kujaza viungo na upotevu inakuja mifuko 22. Nilipita na rula ndefu ya alumini na pima maji, nikakuta ili ukuta unyooke plasta itahitaji wastani wa milimita 22. Hiyo ni mifuko 32.

Nimeiacha 22 kwenye safu ya mpango kama ilivyo, kwa sababu mpango haufutwi, na kwenye safu ya kuagiza nimeandika 32, na maelezo ya mstari mmoja kwamba mifuko 10 ya ziada ni ya kunyoosha ukuta. Kamati itakaa nayo Jumatano. Wanaweza kuamua plasta ifuate ukuta ulivyo na kubaki na 22, darasa litatumika vilevile. Fundi anataka 32, na mimi niko upande wake kwa ukuta wa ubao wa kuandikia. Kuta nyingine zinaweza kuvumilia.